Simu Inaganda na Kujizima: Iwashe Katika Hali Salama Kabla Hujaipeleka Ikaflashiwe

Simu ya Android ikianza kuganda, kujizima na kujiwasha yenyewe, wengi wetu hukimbilia mambo mawili. Ama tunaipeleka kwa fundi Darajani au Chake aiflashi, ama tunaingia wenyewe kwenye mipangilio tukafuta kila kitu, na picha za harusi zikaenda humo humo. Kabla ya yote hayo kuna jaribio ambalo halina gharama, halifuti kitu, na linajibu swali moja tu: je, kinachoiangusha simu hii ni programu iliyopakuliwa, au ni kitu chengine?

Jaribio hilo ni kuiwasha simu katika hali salama, ile ambayo kwenye simu zenye menyu za Kiingereza huandikwa "Safe mode". Ikiwashwa hivyo, simu inaamsha vile ilivyokuja navyo tangu dukani: sehemu ya kupigia, ujumbe mfupi, kamera, mipangilio, kivinjari na huduma za mfumo. Kila ulichokipakua baadaye kinabaki kimelala. Hakifutwi wala hakipotezi data zake, ila hakiruhusiwi kufanya kazi. Tatizo likitoweka, chanzo kimo miongoni mwa vilivyolala. Likibaki vile vile, tafuta kwengine.

Si kila tatizo linahitaji jaribio hili. Ikiwa simu inakutolea kila mara ujumbe kuwa programu fulani imesimama, na jina ni lile lile moja, basi mhalifu ameshajitaja. Isasishe programu hiyo, isipofaa ifute uiweke upya, yakaisha. Hali salama ni ya zile kesi ambazo simu nzima inakwama na hakuna jina linalotajwa.

Kwanza ujue tatizo linakuja lini

Hapa ndipo watu wanapopita haraka, na ndipo jaribio zima linapoharibika. Mtu anaiingiza simu katika hali salama, anaishika dakika tano, haijaganda, anasema "ahaa, ni programu". Kumbe simu hiyo hata siku za kawaida huganda mara moja tu kwa siku. Dakika tano hazikumwambia kitu.

Nitumie kesi ya ami yangu, mwenye duka la vitambaa Wete. Alinipa simu yake akaniambia, "Mwanangu, hii imekufa. Inaganda kila saa." Simu ya bei ya kawaida, RAM ya GB 3, memori ya ndani GB 32.

"Ami, ikiganda wewe unakuwa unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Inaganda yenyewe."

Hilo ndilo jibu utakalopewa na karibu kila mtu, na halimaanishi kuwa anadanganya. Mtu hukumbuka hasira, hakumbuki kilichotangulia. Basi nikakaa naye dukani nikiitazama. Alipiga picha za vitambaa, akazituma, simu ikaenda vizuri. Akasikiliza ujumbe wa sauti, vizuri. Mteja akapiga kutoka Micheweni: mlio ukasikika, skrini ikawaka nusu, kitufe cha kupokea hakikubali kuguswa, kisha kila kitu kikasimama, na baada ya kama dakika moja simu ikajiwasha upya. Kumbe haikuwa kila saa. Ilikuwa inaganda anapopigiwa, na mwenye duka hupigiwa kutwa.

Nikachukua simu yangu nikampigia mara kadhaa. Karibu kila simu ya pili iliigandisha. Huo ndio utajiri unaoutaka kabla ya jaribio: tatizo unaloweza kuliita likaja. Ukishalijua linaloliamsha, jaribio lako litakuwa la dakika chache badala ya siku nzima. Kama hulipati la kuliamsha, basi angalau ujue kasi yake. Simu inayoganda mara nne tano kwa siku, iache katika hali salama siku nzima. Inayoganda mara moja kwa siku, ipe siku mbili au tatu ndipo uamini jibu.

Wakati huo huo angalia mambo mawili yanayoweza kukuokolea safari. La kwanza ni nafasi ya memori, ndani ya "Settings" kwenye "Storage". Simu iliyobakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya memori yake huanza kusuasua na kukwama hata kama programu zake zote ni safi. Ya ami ilikuwa na GB 6 wazi kati ya 32, kwa hiyo hilo nikaliweka kando. La pili ni joto. Simu iliyoachwa juani kwenye dashibodi ya daladala, au inayochajiwa huku inatumika, hujipunguzia kasi na hata kujizima ili isiungue. Igande ikiwa ya baridi ndipo uendelee.

Matayarisho mafupi

Hakikisha mwenye simu anakumbuka namba au mchoro wa kufungulia. Simu ikiwashwa upya haikubali alama ya kidole kwa mara ya kwanza, inataka namba. Nimeona wazee ambao tangu wawekewe alama ya kidole hawajaandika namba hiyo tena, na mwanawe aliyeiweka yuko Muskati. Ulizia kabla hujazima. Kama laini yenyewe ina namba ya siri ya SIM, hiyo nayo itaulizwa.

Piga picha ya skrini ya mwanzo, yaani ile yenye aikoni. Vile vibao vya programu zilizopakuliwa vinavyokaa juu ya skrini, kama cha saa za sala au cha hali ya hewa, vinaweza kuondoka ukiingia hali salama na visirudi mahali pake ukitoka. Si hasara kubwa, lakini mwenye simu ataona umemharibia.

Kisha mwambie mwenyewe nini hakitafanya kazi. Programu ya adhana iliyopakuliwa haitaadhini. Kengele ya kuamkia daku, kama ni ya programu ya kupakua, haitalia, kwa hiyo tumia saa iliyokuja na simu. Programu za benki na za pesa zitalala pia, ingawa huduma ya pesa kwa kupiga namba zenye nyota na reli, kama `*150*00#`, inaendelea kufanya kazi kwa sababu hiyo hupita kwenye sehemu ya kupigia na si kwenye programu.

Kuingia

Njia ya kawaida ni kupitia menyu ya kuzimia. Bonyeza na kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka menyu itokee. Kwenye simu nyingi za sasa, kuanzia Android 12, kitufe hicho peke yake kinaweza kuleta kitu chengine kabisa. Hapo bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti. Kwenye Samsung ni kitufe cha pembeni pamoja na cha kupunguza sauti, au shusha paneli ya juu uguse alama ya kuzimia.

Menyu ikitokea usiguse "Power off" na kuachia. Iguse na uishikilie. Baada ya sekunde mbili tatu simu itakuuliza kama unataka kuiwasha katika hali salama, kwa maneno kama "Reboot to safe mode", au alama yenyewe itageuka ikaandika "Safe mode". Kubali, uisubiri iwake.

Kuna simu ambazo kushikilia huko hakuleti kitu. Redmi na zile za Xiaomi kwa jumla ni mfano, na simu kadhaa za bei nafuu zenye menyu ya kutelezesha kidole. Kwa hizo tumia njia ya pili: izime kabisa, iwashe kama kawaida, na pale nembo ya kampuni inapotokea kwenye skrini, bonyeza kitufe cha kupunguza sauti na ukishikilie mpaka skrini ya kufungulia ije. Njia hii inakubali kwenye Samsung pia.

Neno la kuzingatia hapo ni *pale nembo inapotokea*. Ukiwahi, ukashika kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia tangu simu ikiwa imezimwa, unaweza kuangukia sehemu nyengine. Kwenye Redmi utaona neno "FASTBOOT". Hujaharibu kitu. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka ijizime, uanze tena. Ukishika cha kuongeza sauti badala ya kupunguza, unaweza kufika kwenye menyu ya maandishi yenye mstari "Wipe data/factory reset". Huo ndio mstari wa kuogopwa, maana unafuta kila kitu. Kwenye menyu hiyo chagua "Reboot system now" na si chengine.

Na kama simu imeganda kiasi kwamba hata menyu haiji? Ilazimishe ijiwashe upya. Kwenye Samsung shikilia cha pembeni na cha kupunguza sauti kwa zaidi ya sekunde saba. Kwenye nyengine nyingi, cha kuwashia peke yake mpaka kama sekunde thelathini. Ikianza kuwaka na nembo ikaja, shika cha kupunguza sauti.

Umeingia kweli?

Angalia pembe ya chini kushoto ya skrini. Pataandikwa "Safe mode", na maneno hayo hubaki hapo kila unapokwenda. Simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili itakuandikia hali salama au mtindo salama. Usipoyaona, hukuingia, rudia.

Jambo la pili la kutazama ni alama ya ndege juu. Simu nyingi mpya zikiwaka katika hali salama hujiweka kwenye hali ya ndegeni zenyewe, kwa hiyo hakuna mtandao, hakuna simu inayoingia. Kwa kesi kama ya ami hilo lingeharibu jaribio lote: ningempigia, simu isingelia, na tungesema tatizo limetoweka. Shusha paneli ya juu, uizime hali ya ndegeni, hakikisha laini imeshika mtandao. Ukitaka kujaribu intaneti, washa data au Wi-Fi.

Usishtuke ukiona aikoni zimepungua au zimefifia, na usishtuke kibodi ikibadilika. Ile uliyoipakua imelala na ya simu yenyewe imeshika zamu. Unaweza pia kuona programu kama Facebook iko macho wakati WhatsApp imelala. Sababu ni kwamba watengenezaji wengine huziweka programu kama hizo ndani ya simu tangu kiwandani, na kilichokuja na simu huhesabiwa ni cha mfumo. Liweke akilini, kwani lina maana yake huko mbele.

Jaribu lile lile lililokuwa linaiangusha

Hapa ufanye kile kile. Kama simu ilikuwa inaganda kwenye kamera, piga picha kwa muda ule ule. Kama ilikuwa inaganda ikichajiwa, ichaji kwa chaja ile ile. Kwa ami nilizima hali ya ndegeni, nikarudi upande wa pili wa barabara, nikampigia. Ikalia, akapokea. Nikampigia tena, na tena, mara nyengine nikiacha ilie mpaka ikatike. Akawaambia na wateja wapige. Mpaka anafunga duka kwenda kusali alaasiri, simu haikuganda hata mara moja, ilhali kwa kawaida isingefika simu ya tatu.

Kwa tatizo lisilo na cha kuliamsha, tumia simu kama kawaida kwa muda ule ulioupima mwanzo. Utaudhika kwa kukosa WhatsApp, lakini ukitoka mapema utakuwa umepoteza muda bila jibu.

Kulisoma jibu

Jibu la wazi ni hili la ami: tatizo lilikuwa linakuja kwa kuitwa, ndani ya hali salama likakataa kuja. Chanzo ni kitu kilichopakuliwa.

Jibu linalodanganya ni wepesi. Karibu kila simu yenye RAM ndogo huonekana nyepesi katika hali salama, kwa sababu ile mizigo yote imeshushwa. Mtu anasema, "Tazama ilivyo laini sasa, basi kuna programu mbovu." Huenda hakuna hata moja mbovu. Simu ya GB 2 iliyojazwa programu sitini inalemewa na idadi, na kumtafuta mhalifu mmoja ni kazi bure. Hapo punguza usizozitumia. Usiulize simu imekuwa nyepesi kiasi gani. Uliza kama kuganda kule ulikokuona kumekuja au hakukuja.

Na kama kumekuja? Basi programu ulizopakua umeziondolea lawama, ila si programu zote. Zile za mfumo bado ziko macho, na zinafanya kazi pamoja na masasisho yake. Mwezi Machi 2021 sasisho bovu la Android System WebView, kile kipande cha mfumo kinachozionyeshea programu nyengine kurasa za intaneti, lilizifanya programu nyingi duniani zifunguke na kufunga papo hapo, Gmail ikiwemo. Aliyeingia hali salama siku hizo angeona Gmail bado inaanguka, akadhani simu imekufa, na dawa ilikuwa kusasisha au kuondoa masasisho ya kipande kimoja. Kwa hiyo tatizo likibaki, kwanza ingia Play Store usasishe Android System WebView na Chrome, kisha uangalie kama simu ina sasisho la mfumo. Programu ya mfumo unayoishuku, ifungue ndani ya "Settings", "Apps", uguse nukta tatu juu, na ikiwa pana "Uninstall updates" irudishe ilivyokuwa.

Halafu toa kadi ya memori, kama ipo, ujaribu bila yake. Kadi inayokufa huigandisha simu kila inapotafuta picha. Baada ya hapo ndipo zamu ya fundi, na mwambie umeshaijaribu katika hali salama na ikaganda. Fundi mzuri akisikia hivyo ataanza na betri na bodi, hasa simu ikiwa imeshawahi kuingia maji ya chumvi. Kuifuta simu nzima kuwe mwisho, baada ya kuhifadhi kila kitu na kuhakikisha nenosiri la akaunti ya Google linajulikana, maana simu iliyofutwa kupitia ile menyu ya maandishi itaidai akaunti hiyo kabla ya kufunguka.

Kutoka

Kutoka ni kuizima na kuiwasha kama kawaida, basi. Kwenye simu nyengine kuna arifa juu inayosema hali salama imewashwa. Ukiigusa inajiwasha upya. Maneno ya pembeni yatoweke na WhatsApp irudi.

Ikiwa kila ukiiwasha inarudi hali salama, shuku kitufe cha kupunguza sauti. Simu inadhani unakishikilia. Vua kava, kwani kava za kubana hukandamiza kitufe, uiwashe bila yake. Isipokuwa kava, ni uchafu au kutu ya chumvi kwenye kitufe chenyewe, jambo la kawaida kwa simu za wavuvi na wanaokaa ufukweni. Kipangusie kwa kitambaa kikavu, kibonyezebonyeze mpaka kirudi juu. Kikibaki kimezama, hicho ndicho cha kumpelekea fundi, na ni kazi ndogo.

Simu zinazoingia hali salama bila mwenyewe kutaka, mara nyingi ni kitufe hicho hicho.

Kumtafuta mmoja kati ya wengi

Hali salama imekwambia mwizi yumo nyumbani. Haikukwambia ni nani. Ami alipoulizwa ameweka nini kipya, akajibu hajaweka kitu tangu Ramadhani. Na alikuwa mkweli. Lakini simu yake hukaa usiku kwenye Wi-Fi ya nyumbani, na Play Store hujisasishia programu zenyewe. Kitu cha zamani kinaweza kuwa kipya bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu, ingia "Manage apps & device", kisha "Manage", na upange orodha kwa "Recently updated". Za juu ndizo zilizoguswa karibuni. Linganisha na siku matatizo yalipoanza. Kwa ami ziliibuka nne: ya kusafisha simu, ya kuonyesha jina la anayepiga, ya adhana, na ya kupakulia video.

Mimi ningeianza orodha yoyote na zile zinazojiingiza katika kazi za programu nyengine: za kusafisha na kuokoa betri, za kufunga programu kwa nenosiri, za kurekodi simu, za kubadilisha sura ya skrini, na chochote kilichokuja kwa faili la APK alilorushiwa mtu kwenye kundi. Faili hizo hazionekani kwenye orodha ya Play Store kila mara, kwa hiyo pitia pia "Settings", "Apps". Kisha tafuta ndani ya mipangilio orodha ya "Display over other apps", inayoonyesha nani ameruhusiwa kujichora juu ya skrini, na ile ya "Accessibility". Programu iliyomo katika orodha hizo mbili ina mkono mrefu.

Futa moja, washa simu upya, jaribu, ndipo uende ya pili. Ukifuta tano kwa mpigo simu itapona na hutajua ipi ilikuwa mbaya, na mwenyewe atazirudisha zote wiki ijayo. Programu yenye mazungumzo au picha ndani, kama WhatsApp, ihifadhi kwanza kabla ya kuifuta, na ufanye hivyo nje ya hali salama kwani humo haifunguki.

Nilianza na ya kusafisha simu, kwa kuwa ndiyo iliyosasishwa mwisho na sizipendi programu hizo hata zikiwa nzima. Nikaifuta, nikaiwasha, nikapiga: ikaganda. Ya pili ilikuwa ya kuonyesha jina la anayepiga. Hii ilikuwa na ruhusa ya kujichora juu ya skrini, na kazi yake huanza sekunde ile ile simu inapolia, pale pale panapoganda. Nikaifuta, nikaiwasha, nikapiga mpaka ami akasema nimemchosha. Haikuganda. Ya adhana na ya video sikuzigusa.

Kuna siku programu itakataa kufutwa, kitufe cha "Uninstall" kimefifia. Ina maana imejipa usimamizi wa simu. Andika "device admin" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya "Settings", ufungue orodha, uondoe tiki kwenye jina lake, kisha urudi kuifuta. Ikiwa ni simu uliyopewa kazini, usiguse. Huo ni usimamizi wa mwajiri. Na ikiwa simu inaganda upesi kiasi kwamba huwahi kufika kwenye kitufe hicho, ingia tena hali salama. Programu iliyolala haifunguki, lakini ndani ya "Settings", "Apps" inaonekana, na ukishaiondolea ile tiki inafutika.

Ami hakufurahi. Jina la anayepiga analihitaji, kwani wateja wengi hawamo katika orodha yake ya majina. Tukaiweka upya, kisha ndani ya mipangilio nikaiondolea ile ruhusa ya "Display over other apps". Jina sasa anasoma kwenye arifa, au anatafuta namba baada ya simu kukatika, na kuganda hakukurudi. Halafu nikafungua ukurasa wa programu hiyo ndani ya Play Store, nikagusa nukta tatu juu, nikaondoa tiki kwenye "Enable auto update", ili sasisho lijalo lisiingie usiku. Likitoka, ataliweka mwenyewe siku ya Ijumaa duka likiwa limefungwa, nami nitampigia.